Dishi lilikuwa linacheza

Makambako wanaujua upepo. Ukishuka basi pale njia panda ya Njombe na Songea mwezi wa nane, kofia yako utaifuata itakakokwenda, na vumbi la stendi litakusalimia kabla ya wapiga debe. Wenyeji wamezoea. Mabati wanayalaza na matofali juu yake, mlango wanaufunga kwa kamba, maisha yanaendelea. Kusi inavuma kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi, na nyuzi za umeme zinapiga mluzi usiku kucha.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya mwezi huo wa nane, kwenye mnara wa mita 60 uliosimama juu ya kilima nje ya mji. Mnara wenyewe ni wa miguu mitatu, wa vyuma vya pembe vilivyopakwa zinki, wa aina mnayoiona kila mahali barabarani. Tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa kiongozi wa timu, mtu wa chini, maana goti langu la kulia lilishakataa ngazi ndefu. Wa pili tulizoea kumwita Mangi, mpandaji mzuri, maneno machache. Wa tatu tulimwita Dogo, na hapa nitamwita hivyohivyo. Alikuwa na miaka 24, umeme kausomea VETA, na kwenye minara alikuwa na mwaka mmoja na nusu tu.

Kwenye karatasi ya kazi ilikuwa imeandikwa hivi: dishi la mita 1.2, kimo cha mita 48, mguu wa tatu, limehama kwa upepo; lilegezwe, lielekezwe upya, likazwe. Dishi hilo lilikuwa linaongea na mnara mwingine ulioko kama kilomita 30. Mwale wa dishi la ukubwa ule una upana wa digrii moja na kitu, basi. Digrii moja kwa umbali wa kilomita 30 ni nusu kilomita nzima pembeni, kwa hiyo dishi likigeuka hata kwa kiasi ambacho macho hayaoni, mwenzake anabaki anasikia minong'ono. Nguvu ya mawimbi tunaipima kwa dBm, na namba ikizidi kwenda chini ya sifuri, mawimbi yamezidi kuwa dhaifu. Siku za kawaida tulikuwa tunapata -41 dBm. Wiki ile tulikuwa tunapata -58, na mvua ingenyesha kidogo tu, vijiji vyote vya nyuma ya mnara ule vingekosa mtandao.

Kwa fundi mwenye uzoefu hii ni kazi ya saa mbili. Nilikuwa nimeshapanga chakula cha mchana tukale mjini.

Tulipofika, mlinzi alitoka kwenye kibanda chake akiwa amejifunga blanketi. "Kamwene," akasema. Dogo akaitikia, kisha akampa shikamoo yake, maana mzee alikuwa wa umri wa babu yake. Halafu akamwomba kitu kilichonishangaza kidogo: asogeze jiko lake. Mzee alikuwa ameliweka nyuma ya ukuta wa nyumba ya jenereta, upande usio na upepo, na ndoo ya kukalia iko hapohapo. Mahali pazuri tu. Ila palikuwa chini ya mguu wa tatu.

"Babu, naomba uhamie kule getini mpaka nishuke. Hapa kitu kikidondoka kitakufikia."

Mzee akanitazama mimi. Nikamwambia ahame tu. Kwa moyo wangu niliona ni usumbufu, maana kule getini upepo ulikuwa unamchapa usoni. Gari letu nalo nilitaka kuliegesha hapohapo kwa sababu ileile, Dogo akalikataa, akazungushia utepe mwekundu na mweupe eneo lote. Kisha akatandika turubai chini, akaweka mawe kwenye pembe nne, akaanza ibada yake.

Nasema ibada kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tunamtania. Hanesi yake, ile mikanda ya kujifunga mwilini, ilikuwa mpya, haina hata mwaka, lakini kila asubuhi aliilaza kwenye turubai na kuipitia kama mama anayetafuta chawa kichwani kwa mtoto. Kila mkanda aliukunja, akaupinda juu ya vidole hadi ukatoa mgongo, ndipo akautazama. Ukiukunja hivyo, nyuzi zilizokatika zinasimama zenyewe. Ukiunyoosha zinalala na huzioni. Akapita kwenye mishono, ambayo kiwandani huishona kwa uzi wa rangi tofauti na mkanda ili ukikatika uonekane. Halafu akaja kwenye kamba pacha, zile mbili za kujifungia kwenye mnara: kulabu moja baada ya nyingine, anabonyeza mlango, anauachia, anasikiliza. Mlango mzima hulia "taki" mara moja. Ukiwa na mchanga ndani hurudi polepole, na ule ndio unaoua watu, kwa kuwa ukiutazama haraka unaona umefunga kumbe haujafunga. Mwisho akakagua kile kifuko kinachofanya kazi ya shokapu, kama bado kimeshonwa na lebo yake inasomeka. Ndani ya kifuko kuna mkanda uliokunjwa na kushonwa makusudi. Mtu akianguka mishono inachanika kidogokidogo na kumpunguzia kishindo. Kikishachanika mara moja, kimekwisha. Hakuna kukishona tena.

Dakika 20 zikapita. Simu yangu ikaita. Ni msimamizi wa upande wa mteja, anataka kujua kama tumeshapanda. Nikamwambia ndiyo tunapanda. Mtu aliyewahi kuongoza timu ya minara anajua hiyo "ndiyo" inavyotoka.

Kisha ukaja upepo wenyewe. Dogo alikuwa na kipimaupepo kidogo cha mkononi, kile chenye feni, alichokinunua kwa hela yake. Akakiinua juu ya kichwa, akakaa nacho dakika kumi nzima. Wastani ukawa 5.5, mita kwa sekunde. Kibali chetu cha kazi kilikuwa kinaruhusu mpaka 10. Nikasema basi, twende, tuko nusu.

"Kaka, 10 ya wapi?" akaniuliza.

Sikumwelewa. Akanifafanulia bila kiburi. Karatasi inasema 10, haisemi umepimia wapi. Chini kuna nyasi, kuna ukuta, kuna mahindi makavu ya jirani. Vyote hivyo vinaushika upepo miguu. Kadiri unavyopanda, upepo unaachiwa huru. Kwenye eneo la wazi, alichosoma kwenye kimo cha mtu alikuwa anakizidisha kwa moja na nusu na kidogo ili kupata cha mita 48. Yaani pale juu ni karibu 9 kwa wastani, na kwa kuwa tuko kileleni mwa kilima, ambako upepo unabanwa na kukimbia zaidi, pengine imefika kabisa hiyo 10. Hapo hujahesabu mikupuo, pale upepo unapopiga ghafla kwa nguvu kisha ukalegea.

Hesabu hii haikuwa ya mapambo. Nguvu ya upepo haiendi sambamba na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara moja na nusu, nguvu inazidi mara mbili. Dishi la mita 1.2 likipigwa uso kwa uso na upepo wa mita 10 kwa sekunde linasukumwa kwa uzito kama wa kilo nane na nusu. Unaweza kulizuia kwa mkono. Upepo ukifika 15, ni kilo 19 hivi. Na dishi halikai katikati ya bomba lake, linaning'inia mbele yake kama mlango kwenye bawaba, kwa hiyo ule msukumo unaishia kuwa wa kuzungusha. Mlango wa kilo 40, mita 48 juu ya ardhi, na wewe umesimama nyuma yake.

"Nitapanda," akasema, "ila nikifika jukwaa la kati napima tena. Ikizidi nashuka. Na kaka, kuna kitu nataka kukuuliza. Hiyo -58 ilikuwa inakaa palepale, au ilikuwa inapanda na kushuka?"

Nikafungua simu nikamwonyesha picha ya grafu niliyotumiwa usiku. Nilikuwa nimeiona mara tatu. Mchana mstari ulikuwa kama meno ya msumeno, -44, -58, -49, -61. Kuanzia saa tano za usiku, upepo ulipotulia, ulinyooka. Dogo akaitazama kwa muda, akanirudishia, akasema, "Hili halijahama. Hili linacheza."

Tofauti ni kubwa. Dishi lililohama lilisukumwa mara moja likakwama kwingine. Mawasiliano yanashuka na kubaki chini, upepo uvume usivume. Dishi linalocheza limelegea mahali fulani na linakwenda na kurudi na kila mkupuo. La kwanza unalilegeza ulielekeze. La pili ukilikuta limeshikiliwa na bolti moja, ukailegeza hiyohiyo kama karatasi inavyokuagiza, umelifungulia mlango.

Nilimsikia. Lakini nikiri kwamba nilimsikia kama mtu anavyomsikia kijana mwenye maneno mengi. Nikampigia mtu wa kituo cha usimamizi apunguze nguvu ya antena za upande ule ili vijana wasipite mbele ya mawimbi, akathibitisha, nikajaza kibali, saa mbili kasoro robo Dogo akaanza kupanda. Mangi alibaki chini kwanza na begi la uokoaji likiwa wazi miguuni, ndio utaratibu. Mtu akining'inia kwenye hanesi bila kujitikisa, damu inakaa miguuni, na una dakika chache tu za kumfikia, huna muda wa kuanza kutafuta funguo za gari.

Waya wa usalama unaopita kando ya ngazi ulikuwa umelegea, unapiga chuma kwa upepo, tang, tang, tang. Dogo hakuutegemea. Akapanda kwa kamba pacha. Ukimtazama mpandaji wa namna hiyo kwa mbali unaona kama anasita: kulabu ya kushoto juu, hatua tatu, kulabu ya kulia juu zaidi, ndipo ile ya kushoto inatoka. Hakuna hata nukta moja ambapo hajafungwa. Na kila alipofunga aliivuta kulabu kwenda chini kwa nguvu na kuitazama kwa macho, hata alipokuwa ameshasikia ile "taki". Siku za upepo ule mkanda wa kamba hupeperuka ukaingia kwenye mdomo wa kulabu, mlango ukaufungia mkanda badala ya chuma. Sauti ni ileile.

Alifunga daima juu ya kichwa. Wengi wetu tukichoka tunafunga usawa wa kiuno au wa miguu, kwa sababu kuinua mkono mara sitini kunachosha. Kamba ina mita mbili. Ukifunga juu ya kichwa, ukateleza, unaanguka kama mita moja tu kabla haijakubana. Ukifunga miguuni unaanguka zaidi ya mita tatu, halafu kifuko nacho kinaweza kuchanika na kuongeza karibu mita mbili nyingine. Kwenye mnara wa vyuma kitakachokupokea kwanza ni vyuma vyenyewe.

Jukwaa la kati, mita 30. Akapima. Redio ikasema: "Tisa. Mkupuo 12." Akasubiri kidogo. "Wastani uko chini ya kumi. Naendelea, lakini muda hautoshi. Jua likipanda huu utaongezeka." Kwenye kilima kile ilikuwa hivyo kila siku; upepo unaamka na jua, na ikifika saa nne hakuna mazungumzo. Mangi naye akapanda hadi pale jukwaani, akaachiwa kipimaupepo, akakaa hapo.

Dogo akafika mita 48. Halafu akatulia.

Nilihesabu dakika moja, mbili. Nikabonyeza redio. "Mbona umetulia? Kuna tatizo?"

"Hapana kaka. Natazama."

Huo nao ulikuwa utaratibu wake ambao hakuna karatasi iliyoandika. Akifika mahali pa kazi, dakika tatu za kwanza mikono haigusi kitu. Anatazama tu na kuhesabu mikupuo: umekuja mmoja, unahesabu mpaka mwingine. Siku ile ilikuwa inakuja kila baada ya sekunde 40 hivi. Katika hizo dakika tatu anaona dishi linavyoitikia.

Simu yangu ikaita tena. Yule msimamizi. Sikupokea.

"Kaka," redio ikasema, "bomba linang'aa."

Nieleze hapo. Zinki ya mnara wa zamani ni ya kijivu, imefifia kama sufuria isiyosuguliwa. Ikiwa klampu haisogei, kijivu kinafika hadi kwenye ukingo wake. Dogo aliona mkanda wa chuma unaong'aa, upana wa kidole, juu na chini ya klampu ya dishi. Kitu kinachong'aa kinasuguliwa. Na chini ya bolti ya sapoti, ule mkono mrefu unaolishika dishi kwa pembeni lisizunguke, kulikuwa na mstari wa kutu unaotiririka kama chozi. Kutu ya namna ile haiji kwa mvua peke yake. Bolti inacheza ndani ya tundu, inakula chuma, unga wake unaoshwa.

"Bolti ya sapoti ina nati moja tu. Hakuna ya pili, sioni hata washa ya kubana."

Sasa nitaandika nilichosema, kwa kuwa Mangi alikuwa anasikia kwenye redio yake na siku moja atanikumbusha. Nilisema: "Ikaze hiyo hiyo tu, halafu elekeza dishi, ushuke. Wanatupigia simu."

Kimya. Mkupuo ukapita, hata chini tuliuhisi. Kisha: "Nalifunga kwanza, kaka."

Mahali pa kawaida pa kusimama kwa kazi ile ni upande wa nje, kati ya dishi na mguu wa mnara, mgongo kwenye hewa, kulabu umeitundika kwenye bomba la dishi lenyewe kwa sababu ndilo liko karibu na mkono. Mimi nimesimama hapo mara nyingi. Kuna mwaka bomba liligeuka nikiwa nimejitundika kwalo, likanivuta mpaka kifua kikagonga chuma, na nilichofanya baadaye ni kucheka na kuwasimulia wenzangu. Dogo alifunga kulabu zake zote mbili kwenye mguu wa mnara, si kwenye bomba, na akasimama upande wa ndani, chuma kikiwa kati yake na dishi. Kutoka pale mikono inafika kwa shida. Kila kitu kinachukua muda mara mbili.

Akatoa mikanda miwili ya kufungia mizigo. Wa kwanza akaupitisha kwenye fremu ya nyuma ya dishi, si kwenye ukingo wa bati ambao hupinda, akauzungusha mguu wa mnara na kuukaza kwa kile kirachi chake mpaka ukawa kama uzi wa gitaa. Wa pili akauweka upande mwingine, nao akaukaza, ili dishi lisiweze kwenda kushoto wala kulia. Kila alipohisi mkupuo unakaribia aliacha kazi, akashika chuma, ukapita, akaendelea. Ilimchukua dakika 12. Nilizitazama zote kwenye saa.

Kisha akatoa spana, ambayo ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye mkanda wake kama vifaa vyake vyote, akanyoosha mkono hadi kwenye nati.

Haikuhitaji spana. Aliniambia baadaye kwamba aliigusa kwa kidole ikazunguka. Ilikuwa imeshuka mpaka kwenye uzi wa mwisho wa bolti, inashikilia kwa mazoea tu. Kabla hajairudisha, mkupuo ukaja, mkubwa kuliko ile mingine. Mangi pale jukwaani alikuwa ameshika kipimaupepo, kikasoma 16. Sapoti ikatoka kwenye tundu lake. Nikasikia mlio juu, kama mtu amepiga ngoma ya bati mara moja, na nilipoinua kichwa niliona dishi limegeuka kwa upana wa kiganja na kusimama, limekaziwa na mkanda, linatetemeka.

Upana wa kiganja. Bila mikanda lingezunguka bomba mpaka ligonge mguu wa mnara, na boksi la redio lililo mgongoni mwake lingepita palepale ninapopajua vizuri, kati ya dishi na mguu, usawa wa mbavu za mtu aliyesimama upande wa nje.

Bolti na nati yake vilianguka. Kutoka mita 48 kitu huchukua sekunde tatu, na kinafika chini kikiwa kinakwenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Tulikuta bolti imezama kwenye udongo ndani ya utepe, hatua mbili kutoka kwenye majivu ya jiko la mzee. Nati hatukuiona.

"Dogo, uko salama?"

"Niko salama. Sikuguswa." Alikuwa anahema kidogo. "Kaka, nakaza mkanda wa tatu halafu nashuka. Hapa hatufungui kitu leo."

Nikasema sawa. Nilikuwa nimekaa chini, sikumbuki nilikaa saa ngapi.

Kushuka kwake kulikuwa kama kupanda, kulabu moja, kulabu nyingine, kila moja ikivutwa na kutazamwa. Saa nne kasorobo alikuwa ardhini. Chini pale kipimaupepo kilikuwa kinasoma 8, ambayo kwa hesabu yake ni kama 13 kule alikotoka.

Simu ndiyo iliyokuwa ngumu. Dishi lililogeuka kwa kiganja halioni chochote kilomita 30 mbele, kwa hiyo mawasiliano yalikatika kabisa, na vijiji vya nyuma vikalala bila mtandao hadi kesho yake. Msimamizi aliniambia maneno ambayo sitayaandika. Aliuliza ni nani aliyeamua fundi ashuke kazi ikiwa nusu. Nikamwambia ni mimi. Ilikuwa uongo, lakini ndio uongo pekee wa siku ile ninaoutetea.

Tulirudi kesho yake kabla ya jua. Saa kumi na mbili na nusu kipimaupepo kilisoma 3, hata waya wa ngazi ulikuwa kimya. Walipanda wote wawili na bolti mpya, kila moja ikiwa na washa ya kubana na nati mbili, ya pili ikiikaba ya kwanza. Walifungua klampu zote wakazikuta mbili nyingine nazo zimelegea. Dishi wakalielekeza polepole, mimi nasoma namba chini: -60, -52, -45, -43, -41, ikaanza kurudi -42, wakarudisha, wakakaza. Mwisho Dogo akatoa kalamu ya rangi ya manjano, akapiga mstari mmoja unaopita juu ya nati na kuendelea kwenye bati. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika, na fundi yeyote atakayekuja ataliona hilo kwa darubini akiwa bado chini. Saa mbili na dakika kumi kazi ilikuwa imekwisha.

Tulikuwa tunapakia gari mlinzi alipokuja. Dogo alikuwa ameketi kwenye turubai na ule mkanda wa kwanza, uliokamata dishi. Aliukunja juu ya vidole kama kawaida yake. Mahali ulipopita kwenye kona ya fremu, nyuzi zilikuwa zimesimama upana mzima, kama manyoya ya kuku aliyeogopa. Sehemu iliyobaki, mita tatu hivi, ilikuwa inaonekana mpya.

"Huo mnautupa?" mzee akauliza. "Nipe mimi nifungie mbuzi."

Dogo alikuwa ameshatoa kisu. Akaukata katikati, kisha vipande hivyo akavikata tena, na tena, mpaka hakuna kipande kilichozidi urefu wa mkono.

"Samahani babu. Ukibaki mrefu kuna siku mtu atauona, atapanda nao."

Mzee akatazama vile vipande, akamtazama Dogo, akajifunga blanketi lake vizuri.

"Mjukuu wangu," akasema, "mbuzi wangu hapandi mnara."